Ukuta unaong'aa nyuma ya giza

*Shikamoo mwalimu. Juzi umeme ulikatika mtaa mzima, nikatoka uani nikakuta nyota zimejaa. Sasa najiuliza: kama nyota hazina idadi na ziko kila upande, mbona usiku ni giza? Rafiki yangu anasema ni kwa sababu ziko mbali mno. Ni kweli?*

Marahaba. Rafiki yako amesema jambo la kweli, ila halijibu swali. Nyota ikiwa mbali mara kumi zaidi, mwanga wake unaotufikia hupungua hadi sehemu moja ya mia. Hapo yuko sahihi. Alichosahau ni kwamba huko mbali nyota ni nyingi kuliko huku karibu, na ukizihesabu vizuri utakuta wingi wake unaongezeka kwa kipimo kilekile ambacho mwanga wake unapungua.

Tupige hesabu. Mwaka-nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja, yaani kilomita trilioni 9.5. Katika ujirani wa Jua letu, ukikata mchemraba wa anga wenye upande wa miaka-nuru 10, ndani yake utapata nyota nne hivi. Tuseme msongamano huo uko hivyohivyo kila mahali. Sasa fikiria tuko katikati ya kitunguu kikubwa mno, na kila ganda lake lina unene wa mwaka-nuru mmoja. Ganda lililo umbali wa miaka-nuru 10 litakuwa na nyota 5. La umbali wa miaka-nuru 100 litakuwa na nyota 500. Kila moja ya hizo 500 inatupa sehemu moja tu ya mia ya mwanga ambao ingetupa kama ingekuwa kwenye lile ganda la kwanza, lakini zenyewe ni mara mia kwa wingi. Kwa hiyo maganda yote mawili yanatuletea mwanga sawasawa. Nenda kwenye ganda la miaka-nuru 1,000, lenye nyota 50,000, utapata mwanga uleule. Umbali umejifuta wenyewe kwenye hesabu.

Kama maganda hayana mwisho, basi na mwanga haungekuwa na mwisho. Kinachouzuia usifike huko ni kwamba nyota zina miili, na za karibu zingeziba za nyuma yake. Lakini hata hivyo hutapata usiku. Utapata anga lililofunikwa lote na nyuso za nyota, moja ikianzia pale nyingine inapoishia, bila mwanya.

Anga hilo lingeng'aa kiasi gani? Watu wengi hudhani lingekuwa na weupe wa mbali uliofifia, kama alfajiri. La hasha. Uso wa kitu kinachong'aa haufifii kwa kuwa mbali. Unakuwa mdogo tu. Chukua sayari ya Mshtarii, ambayo iko mbali na Jua mara tano na kidogo kuliko sisi. Ukisimama huko, mwanga wa Jua unaokufikia ni sehemu moja ya 27 ya huu wa hapa. Lakini na Jua lenyewe linaonekana dogo: eneo linalochukua angani nalo ni sehemu moja ya 27. Kipande cha uso wa Jua, ukikipima peke yake, kinang'aa sawasawa ukiwa hapa, ukiwa Mshtarii, au ukiwa nyota ya jirani. Kwa hiyo anga lililofunikwa na nyuso za nyota lingeng'aa kila sehemu kama uso wa Jua. Juu ya upeo wa macho pangeenea majua zaidi ya 90,000 yaliyobanana, na chini ya miguu yetu, upande wa pili wa dunia, mengine idadi hiyohiyo. Dunia ingekuwa kama kitu kilichotiwa ndani ya tanuri ambalo kuta zake zina nyuzi 5,500, na kitu kikikaa ndani ya tanuri muda wa kutosha hupata joto la kuta. Tusingekuwapo wa kuuliza.

Ndiyo maana wanaastronomia walilichukulia swali lako kwa uzito kwa zaidi ya miaka 400. Mwanaastronomia Mjerumani Johannes Kepler alilitaja mwaka 1610 na akaona kwamba usiku wenyewe ni ushahidi kuwa nyota zina mwisho. Jina lililoshikamana nalo hata hivyo ni la Heinrich Olbers, daktari wa mji wa Bremen, Ujerumani, aliyetibu wagonjwa mchana na kutazama nyota usiku kutoka ghorofa ya juu ya nyumba yake. Alichapisha maandishi yake kuhusu jambo hili mwaka 1823. Mswisi mmoja, de Chéseaux, alikuwa ameshalieleza vizuri mwaka 1744, lakini umaarufu haugawiwi kwa haki.

Wote wawili, de Chéseaux na Olbers, walitoa jibu ambalo hata leo nikiuliza darasani huwa ndilo la pili kutajwa, baada ya lile la rafiki yako: kuna vumbi au kitu fulani angani kinachomeza mwanga wa nyota za mbali. Vumbi lipo kweli, nitalirudia mwishoni. Lakini haliwezi kutuokoa. Kitu kinachomeza mwanga hupata joto. Kikiendelea kumeza mwanga wa nyota bila kukoma, kitapanda joto hadi kianze kung'aa chenyewe, kikirudisha kila kilichomezwa. Ni kama kuweka sufuria tupu jikoni ili ikukinge na moto wa mkaa: kwa dakika chache itakukinga, kisha itakuwa ya moto nayo. Mwanaastronomia Mwingereza John Herschel alilisema hilo mwaka 1848, na hoja ya vumbi ikaishia hapo.

Basi jibu liko wapi? Njia nzuri ya kulifikia ninayoijua ni kuingia msituni.

Karibu na Mafinga, mkoani Iringa, kuna shamba la miti la Sao Hill, misonobari kwa maelfu ya hekta. Ukiingia ndani na kutazama upande wowote, jicho lako linaishia kwenye shina. Tuseme miti imepandwa kwa nafasi ya mita tatu kila upande, na shina lina unene wa sentimita 30. Kila mti basi unamiliki mita za mraba 9 za ardhi. Gawanya 9 kwa unene wa shina, yaani 0.3, unapata 30. Hizo mita 30 ndizo umbali wa wastani ambao jicho linasafiri kabla ya kugonga shina. Mwendo wa mita 150 utakuwa umeziba karibu kila mwanya. (Usisimame sawa na mistari waliyoipanda, maana hapo utaona kichochoro kinachokwenda mbali na hesabu yangu itaonekana ya uongo. Songa hatua mbili pembeni.)

Mambo mawili tu yanaweza kukufanya uone mwanga wa ng'ambo kati ya mashina. Ama msitu ni mdogo, umekatika kabla ya mita hizo 150, ama kuna kitu kinakuzuia usione mbali kiasi hicho. Kepler alichagua la kwanza. Ulimwengu ukachagua la pili.

Hesabu ya nyota ni hiyohiyo ya miti, ila badala ya eneo tunatumia ujazo, na badala ya unene wa shina tunatumia uso wa nyota. Nyota hazikusambaa sawasawa. Zimekusanyika kwenye galaksi, na kati ya galaksi kuna utupu mkubwa. Lakini ukizikusanya zote na kuzigawa upya kwa usawa, kila nyota ingepata mchemraba wake wenye upande wa miaka-nuru elfu tatu na kitu. Chumba kikubwa mno kwa mpangaji mdogo mno, maana Jua lina upana wa kilomita milioni 1.4 tu. Gawanya ujazo wa chumba kwa eneo la uso wa mpangaji. Jibu linakuja kama miaka-nuru trilioni ya trilioni, yaani moja ikifuatwa na sifuri 24. Huo ndio umbali ambao jicho lingepaswa kusafiri, kwa wastani, kabla ya kugonga uso wa nyota.

Sasa linganisha na umbali tunaoweza kuona. Mwanga ni mwepesi lakini hauna uchawi. Unachukua muda kufika. Tunajua hivyo tangu mwaka 1676, mwanaastronomia wa Denmark, Ole Rømer, alipogundua kuwa miezi ya Mshtarii inachelewa au kuwahi kupatwa kulingana na umbali wetu nayo. Na ulimwengu una umri: miaka bilioni 13.8. Nyota ambayo mwanga wake ungehitaji kusafiri muda mrefu kuliko huo, hatuioni. Si kwamba imefifia. Mwanga wake bado uko njiani.

Weka namba mbili hizo pamoja. Tungehitaji kuona hadi miaka-nuru trilioni ya trilioni, na mwanga wa zamani kuliko wote umesafiri miaka bilioni kumi na kitu. Tunaona sehemu moja tu, kwa makadirio, ya trilioni mia ya umbali unaotakiwa. Irudishe hesabu hiyo Sao Hill: ni sawa na kusimama katikati ya misonobari huku ukiruhusiwa kuona umbali mdogo kuliko upana wa atomu moja. Ajabu si kwamba anga ni jeusi. Ajabu ni kwamba kuna nyota tunaziona, na hizo ni kwa sababu sisi wenyewe tunaishi ndani ya kichaka, galaksi yetu, ambamo nyota zimesongamana kuliko wastani wa ulimwengu.

Mwandishi wa hadithi wa Kimarekani, Edgar Allan Poe, alilibahatisha jibu hili mwaka 1848, kwamba huenda mwanga wa mbali haujapata muda wa kutufikia. Mtu wa kwanza kulipigia hesabu ya kueleweka ni mwanafizikia Lord Kelvin, mwaka 1901, na akalipata sawa. Kisha hesabu yake ikasahaulika. Kwa miaka mingi wanafunzi walifundishwa jibu jingine, nitakalolifikia, hadi mwanafizikia Edward Harrison alipoanza kuonyesha katika miaka ya 1960 kwamba Kelvin ndiye aliyekuwa ameshika shina la jambo.

Ningeweza kuishia hapa na ukaridhika. Lakini kuna swali ambalo msomaji mkali angeniuliza: je, tukisubiri? Tukimpa mwanga muda wote anaotaka, usiku utakuja kuwa mchana?

Hapana, na sababu yake naipenda kuliko ile ya kwanza. Ili anga lijae, nyota zingepaswa kuendelea kung'aa kwa miaka trilioni ya trilioni, kwa sababu nyota ya karibu lazima iwe bado inawaka wakati mwanga wa ile ya mbali kabisa unapowasili. Jua letu limepewa uhai wa miaka bilioni 10 hivi, na limeshatumia karibu nusu. Nyota ndogo nyekundu, zile zinazobana matumizi kuliko zote, zinaweza kuishi matrilioni ya miaka, lakini hata hizo zitakuwa zimezimika zamani kabla anga halijakaribia kujaa. Ni mfano wa mtu anayetaka kujaza ziwa kwa kikombe, na kikombe chenyewe kinavunjika kabla hajalowesha mchanga wa ufukweni.

Usidhani tatizo ni uzembe wa nyota. Ulimwengu hauna mali ya kutosha. Nyota hugeuza chini ya asilimia moja ya uzito wa haidrojeni yake kuwa mwanga. Tuwe wakarimu: tuchukue vitu vyote vya kawaida vilivyopo leo ulimwenguni, nyota, gesi, vumbi, mimi na wewe, na tuvigeuze vyote kuwa mwanga bila kubakiza hata chembe. Ukiutandaza mwanga huo katika anga lote, joto la anga lingefika takriban kelvini 15 hadi 20. Kelvini huhesabiwa kuanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa, kwa hiyo tunazungumzia baridi ya nyuzi 250 na zaidi chini ya sifuri. Kwa macho yetu hilo bado ni giza totoro. Ili anga ling'ae kama uso wa Jua, linahitaji kelvini 5,800 hivi. Na nguvu ya mwanga hupanda kwa kasi ya ajabu joto linapopanda, kiasi kwamba pengo kati ya 20 na 5,800 si mara 290 bali ni mara mabilioni. Ulimwengu ungefilisika kabla ya kuwasha taa ya kwanza.

Tunajuaje kwamba haya si hesabu za ubaoni tu? Kwa sababu tumechungulia kwenye mianya. Kati ya Septemba 2003 na Januari 2004, darubini ya angani ya Hubble ilielekezwa kwenye kipande kidogo cha anga kilichoonekana kitupu, ikakusanya mwanga kwa jumla ya siku 11 na kitu. Picha ilipotoka, pale pasipo na kitu palikuwa na galaksi kama 10,000. Watu wengi hutazama galaksi hizo. Mimi huwaambia wanafunzi wangu watazame weusi ulio katikati yake, kwa sababu weusi huo haukujaa hata baada ya siku 11.

Tena kuna jambo ambalo msitu wa Sao Hill hauwezi kutuonyesha. Angani, kutazama mbali ni kutazama zamani. Fikiria shamba ambalo miti ya karibu unaiona imekomaa, ya mbali zaidi unaiona ikiwa michanga, na ya mbali kabisa unaiona ikiwa miche iliyopandwa jana. Kati ya miche hiyo unaona udongo mtupu, siku ambayo hakuna kilichopandwa bado. Ndivyo picha za galaksi zilivyo. Za mbali ni ndogo, hazijajipanga, hazijatulia. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, imeona galaksi zilizokuwapo ulimwengu ukiwa na miaka milioni 300 hivi tu. Nyuma yake zaidi, nyota zinakwisha kwa sababu hazijazaliwa. Weusi ulio kati ya nyota ni macho yako yakipita kwenye mti wa mwisho na kuingia shambani kabla ya kupandwa.

Na huko shambani kabla ya kupandwa hakukuwa kutupu. Hapo ndipo mambo yanapogeuka.

Ulimwengu mchanga ulikuwa wa moto. Kwa miaka 380,000 hivi ya mwanzo, ulikuwa umejaa gesi ya moto mno iliyokuwa kama ukungu, mwanga haukuweza kupita. Ulipopoa hadi kelvini 3,000 hivi, ukungu ukaondoka, mwanga ukaachiliwa. Maana yake, ukitazama mbali vya kutosha kupitia kwenye mwanya wowote kati ya galaksi, jicho linagonga ule ukungu wa mwisho. Kila upande, bila kukosa hata mwanya mmoja. Olbers aliwaza ukuta wa nyota unaofunika anga lote. Ukuta upo kweli, ila si wa nyota, na joto lake ulipoachilia mwanga huo lilikuwa kama la waya ulio ndani ya balbu ya zamani, ile ya glasi yenye kamba inayowaka rangi ya manjano.

Kwa hiyo swali lako, ukilifuata hadi mwisho, linarudi kwa sura nyingine: mbona anga lote haliwaki kama waya wa balbu? Hapa sasa ndipo lile jibu lililokuwa likifundishwa linapata kazi yake. Ulimwengu unatanuka. Mwanga ukiwa safarini katika anga linalotanuka, mawimbi yake nayo hunyooshwa, na mwanga ulionyooshwa hubeba nguvu kidogo. Tangu ukungu uondoke, ulimwengu umetanuka mara 1,100. Mawimbi yaliyokuwa na urefu wa karibu sehemu moja ya elfu ya milimita sasa yana urefu wa milimita moja hivi, na joto lililokuwa kelvini 3,000 limebaki 2.7. Macho hayaoni mwanga wa namna hiyo. Umekuwa mawimbi ya maikrowevu, jamaa ya yale yanayopasha chakula kwenye ile oveni ya jikoni.

Kama kutanuka kusingekuwapo na ukuta ungetufikia na joto lake lote, chuma kingeyeyuka juani na kivulini, usiku na mchana. Kwa hiyo usimsikilize anayekwambia kutanuka si sababu, wala anayekwambia ndiyo sababu yenyewe. Kwa mwanga wa nyota, kutanuka kunapunguza kama nusu tu. Nusu ya kitu kidogo mno. Giza la nyota linatokana na umri na uchache wa kuni. Giza la ukuta linatokana na kutanuka. Vitabu vingi huchanganya haya mawili, na ndipo mtu anapotoka na jibu lisiloshikika.

Ukuta huo uligunduliwa bila kutafutwa. Mwaka 1964, wanafizikia Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa ya umbo la pembe huko Holmdel, New Jersey, Marekani, na ilikuwa na mvumo usiokwisha. Walielekeza antena huku na kule, mvumo uleule. Usiku, mchana, majira yakibadilika, uleule. Walikuta njiwa wameweka makazi ndani ya pembe na kuipaka mavi, wakawaondoa njiwa, wakasugua mavi, mvumo ukabaki. Walitangaza matokeo mwaka 1965, na mwaka 1978 wakapewa Tuzo ya Nobeli. Kutobadilika kwake ndiko kulikoonyesha asili yake: chanzo kilicho duniani au kwenye Jua kingepanda na kushuka, na cha kwenye galaksi yetu kingekuwa na nguvu upande wenye nyota nyingi. Huu ulitoka kila upande kwa usawa, kama ukuta unavyopaswa. Hivi sasa, katika kila sentimita moja ya ujazo iliyo mbele ya uso wako, ukubwa wa kipande cha sukari, kuna chembe 411 hivi za mwanga huo. Zipo hata chini ya kitanda.

Na mwanga wa nyota zote za ulimwengu, ule wa kweli unaoonekana kwa macho, ni kiasi gani? Kuupima ukiwa duniani ni vigumu, maana anga letu lenyewe hung'aa kidogo usiku, na vumbi lililo kati ya sayari hurudisha mwanga wa Jua. Chombo cha New Horizons, kilichopita Pluto mwaka 2015 na kuendelea mbele, kilifika mahali ambapo vumbi hilo halisumbui, kikapima. Kwa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024, mwanga wote wa galaksi zote unaoangukia kipande cha bapa kutoka nusu ya anga ni mdogo kuliko mwanga wa Jua la adhuhuri kwa mara makumi ya mabilioni. Upo, lakini ndio huo.

Umesema mtaa wenu ulikosa umeme, na hilo lilikusaidia. Ule ukijivu unaouona juu ya mji taa zikiwa zimewaka ni taa zetu wenyewe zikirudishwa na hewa. Usiuhesabu kwenye mambo haya. Umeme ukikatika tena, hasa kati ya Aprili na Juni mapema usiku, tazama kusini utafute Msalaba wa Kusini. Ubavuni mwake, ndani ya ule mkanda mweupe wa galaksi yetu, kuna doa jeusi kubwa kama kwamba mtu ametoboa anga. Huitwa Mfuko wa Makaa. Utajaribiwa kusema hapo ndipo hakuna nyota. Hilo ndilo vumbi nililoahidi kulirudia: wingu baridi lililo umbali wa miaka-nuru 600 hivi, linaloziba nyota za nyuma yake, na darubini za mwanga wa infraredi hupenya na kuziona. Giza la Olbers ni jingine. Geuza shingo, uutoke kabisa ule mkanda mweupe, uangalie pale ambapo nyota ni chache na katikati yake hakuna kitu. Pale hakuna kilichoziba.